Chai na Mtaro

Msonyo ule bado nausikia. Mrefu, wa meno, wa mama aliyekuwa ameketi nyuma yangu kwenye chumba chetu cha kuhariri filamu, mtaani Kawangware 46, juu ya bucha.

Mama huyo anauza mboga Soweto East, mtaani Kibera, hajawahi kuwa mwigizaji. Tulimwomba acheze mzazi anayemwambia bintiye kwamba hahami, tukapiga picha kwake nyumbani, na vikombe vyake mwenyewe. Sasa alikuja kujiona kabla filamu haijatumwa kwa tamasha jioni hiyo. Alivaa nguo ya kanisa.

Kosa lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyeona vile chai inamiminika kutoka birikani inafanana na maji machafu yakitoka bombani kuingia mtaroni. Mkondo uleule, upande uleule wa skrini. Nikaunganisha: chai, kata, mtaro. Match cut safi, jicho halishtuki. Mwelekezi wa filamu yetu alinipigia makofi. Akataka na cutaway: mama anaponyamaza baada ya swali la binti, tutoke usoni mwake, tuonyeshe nzi, ndipo turudi. Eti onyesho lipate mwendo. Nikaweka. Nilikuwa na furaha, naota gauni nitakalovaa siku ya tuzo.

Mama alitazama hadi mwisho, akasonya.

"Msichana wangu, hiyo chai si nilikupea ukakunywa? Vikombe viwili?"

Nikasema ndiyo, mathe.

"Ulisikia ladha ya mtaro?"

Mwelekezi akacheka, akamwambia hiyo ni sanaa, wageni wa tamasha watapenda. Mama hakumgeukia. Aliniuliza mimi tu.

"Na pale nilinyamaza, nzi ni za nini? Nilikuwa nafikiria marehemu bwanangu. Ama haikuonekana?"

Ilionekana. Hilo ndilo lililonitia kinyaa, na si cha nzi. Nilikuwa nimeuona ule uso zaidi ya mara ishirini, nikaufunika na uchafu ili watu wasichoke. Hata vidole vyangu kwenye kibodi vilinichukiza.

Mwelekezi alimsindikiza mama, akaenda kula, akaniachia neno moja: nisiguse kitu.

Niligusa. Nilitoa mtaro, nikatoa nzi. Uso wa mama ukabaki mzima, sekunde sita za kimya. Kweli mwendo ulilegea hapo, kwa hivyo nikavuta sauti ya binti itangulie picha yake. Hiyo ndiyo J-cut: tunamsikia binti akisema, "Mum, twende," na bado tunamtazama mama, tunaona maneno yakimfikia. Ndipo nikakata kwa binti.

Nikatengeneza faili ya kutuma. Halafu nikatafuta ile ya zamani, yenye mtaro na nzi, na nakala zake zote, nikazifuta, nikamwaga hata kapu la takataka la kompyuta, mwelekezi asipate cha kurudisha.