Mafuta ya Kwenda Malindi

Mwanangu niliamua kumwachisha ziwa kwa kumpeleka mbali nami, kama wanavyofanya wanawake wa kwetu. Mamangu akamchukua hadi Nairobi kwa dada yangu, akae huko mpaka asahau. Mimi nikabaki Ndia Kuu, Mombasa, na maziwa yangu. Kila asubuhi nilijifunga kanga kifuani kwa nguvu, nikavaa sare juu yake, nikavuka kwenda kiwanja cha ndege.

Kazi yangu ilikuwa kupanga mafuta ya ndege. Watu wakisikia hivyo hudhani ninashika mpira wa petroli. La. Nilikuwa nakaa ofisini na ramani ya upepo na utabiri wa mvua, naamua ndege ibebe mafuta kiasi gani. Yapo ya safari yenyewe, tangu kupaa hadi kutua. Juu yake kuna ya tahadhari, sehemu ndogo ya yale ya safari, kwa ajili ya upepo uliogeuka au wingu la kulizunguka. Halafu kuna ya kiwanja mbadala: ukifika ukashindwa kutua, uwe na ya kukufikisha pengine. Na chini kabisa ya tangi kuna akiba ya mwisho, nusu saa ya kuelea hewani. Hiyo akiba haipangiwi kazi. Ndege yapaswa kutua nayo ikiwa haijaguswa. Ukiona utaigusa, hiyo ni hatari, na rubani lazima aitangaze.

Siku mamangu na mtoto walipokuwa warudi, masika yalikuwa yamekaa juu ya pwani yote. Tangu asubuhi joto lilikuwa la kubana pumzi na kunguru wamenyamaza. Utabiri ulisema ngurumo jioni, Mombasa na kaskazini yake.

Sasa, ofisi yetu ilikuwa na mazoea. Ndege ya Nairobi kuja Mombasa, mbadala wake ni Malindi. Kwa nini? Kwa sababu Malindi ni karibu, mafuta yake ni kidogo, na Nairobi iko juu, hewa yake nyepesi, ndege haiwezi kunyanyua kila kitu. Ukipunguza mafuta, unaongeza abiria. Lakini Malindi na Mombasa zimelala kitanda kimoja. Mvua ikimlowesha mmoja, mwenziwe hasalimiki. Nikaweka kiwanja cha Kilimanjaro, bara, upande wa pili wa wingu. Ikatoka zaidi ya kilo mia mbili za ziada.

Mkubwa wangu, mtu wa Mji wa Kale kama mimi, anayemwamkia mamangu kila Ijumaa, akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Kilimanjaro ya nini, mama mtoto?"

"Tazama wingu."

"Nimelitazama tangu hujazaliwa. Ukiweka hayo mafuta, kuna watu watashuka. Na wanaoshuka kwanza ni wenye tiketi za wafanyakazi. Wajua nani hao leo?"

Nilijua. Tiketi zile nilizikata mwenyewe.

"Washuke," nikasema. "Watakuja kesho."

"Loo! Mama gani wewe? Mtoto wako siku zote hizi hujamwona, wamshusha kwa mkono wako mwenyewe?" Akacheka. "Hayo ni maziwa, bibi. Yamekupanda kichwani."

Nikautuma mpango wangu vilevile. Kisha nikaenda msalani, maana kanga ilikuwa imelowa na sare inaanza kuonyesha. Nikajikamua juu ya sinki, nikalia kidogo kwa kuwaza kesho, nikajifunga upya, nikaswali Alasiri, nikarudi.

Mkubwa alikuwa kwenye meza yangu, anatabasamu.

"Nimekufanyia ihsani," akasema. "Nimekurudishia Malindi. Rubani amekubali. Mamako keshakaa, mtoto mapajani. Wameshapaa."

Sikumpigia kelele. Mafuta hayaongezwi angani, hilo hata mwehu alijua. Nikashika redio ya kampuni, nikamwita rubani, nikamwambia wingu limekua, kama aona vyema arudi Nairobi angali karibu. Akanijibu kwa upole kwamba Mombasa bado iko wazi, wametua wawili sasa hivi, ataendelea. Kweli ilikuwa wazi. Dirishani jua lilikuwa bado laonekana, jekundu, na upande wa pili kitu cheusi kikitambaa kutoka baharini.

Njiani alizunguka mawingu mawili. Yale ya tahadhari yakaishia hapo, na ndiyo kazi yake, simlaumu mtu. Alipoanza kushuka, mvua ikaingia kiwanjani kama mlango uliofungwa. Nilisikia injini zikipita juu ya paa letu, zikinguruma kwa kupanda tena. Hakuiona njia ya kutua. Hakuwa na mafuta ya kuzunguka akisubiri, kwa sababu hakuna aliyempangia. Alikuwa na ya Malindi, na akiba ya mwisho. Basi.

Akaelekea Malindi.

Nikampigia msichana wa kaunta yetu kule. Alikuwa anapaza sauti kushinda mabati.

"Dada, hapa hata miti siioni!"

"Mvua imeanza lini?"

"Sasa hivi! Jamani, imekuja yote pamoja!"

Nikamgeukia mkubwa. Tabasamu lilikuwa limemtoka. Alikuwa anahesabu tasbihi chini ya meza, kana kwamba simwoni.

"Sema nao," akaniambia.

"Niwaambie nini? Warudi wapi?"

Redioni rubani alitamka *mayday* mara tatu, akataja mafuta. Sauti yake ile ile ya upole. Maana yake ilikuwa kwamba popote atakapotua, atatua akiwa ameshaila ile nusu saa. Maziwa yakanitoka tena, yakapita kanga, yakapita sare, nami nimesimama mbele ya wanaume, na sikujali.

"Dada, naisikia," akasema msichana wa Malindi. "Siioni, lakini naisikia."

"Ngoja."

"Yapita. Yapita juu. Haikutua."

Mkubwa alikuwa anamwomba Mungu, *ya Latifu, ya Latifu*. Nilitamani kumpiga na simu ile.

"Mvua yapungua upande wa bahari," akasema. "Dada, taa! Naona taa zake! Iko chini! Iko chini, imetua!"

Nilikaa sakafuni.

Kwenye tangi yalibaki ya robo saa na kidogo. Rubani mwenyewe aliniambia, na safari hii sauti yake haikuwa ya upole. Kesho yake mamangu aliletwa kwa gari, mtoto kalala begani. Alipoamka akanitazama kama jirani, akamrudia bibi yake. Ziwa lilikuwa limesahaulika.

Mkubwa alinipigia simu nyumbani. "Wamefika salama, sivyo? Basi hapana haja ya kuandika mambo mengi kwenye ripoti. Na zile tiketi za mamako zitatajwa pia, fikiri."

"Zitajwe," nikamwambia, nikakata.

Mamangu alikuwa sebuleni ameshavaa buibui, na pakiti ya halua mkononi.

"Naipeleka kwa yule mkubwa wako," akasema. "Wale wa kaunta wa Nairobi walikuwa wametushusha sisi. Ni yeye aliyesema turudishwe. Mtu na shukrani, mwanangu."

Ningemwambia nini? Kwamba ihsani ile ilikuwa karibu kumzika?

"Nenda mama," nikasema. "Lakini mpelekee leo. Kesho naenda kumshitaki."