Jiwe Lililotoka Chini ya Lori

Mie ni mtu wa ndani. Watu wa Mtoni wanaonijua huapa kwamba nikionekana barabarani baada ya saa nne asubuhi basi nyumbani kumeisha vocha au gesi. Kazi yangu inaniruhusu. Nina kompyuta ya mtumba yenye feni inayonguruma kama jenereta, nina printa, na watu hunitumia picha nizisafishe: bwana harusi aliyefumba macho, paspoti yenye ukuta mchafu nyuma, shemeji aliyejipenyeza kwenye picha ya familia na sasa hatakiwi tena. Kidato cha nne nilifaulu kwa kuponea chupuchupu, ila kumfuta shemeji naweza.

Bibi yangu, mdogo wake bibi aliyemzaa mama, alikuja Jumatano moja na bahasha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Bado uko hai humu ndani? Nilidhani utakuwa umeota uyoga."

Ndivyo tunavyoongea. Kwetu bibi na mjukuu wanataniana mpaka wageni wanaona haya, na mie tangu nizaliwe ni mume wake wa pili, yule mvivu. Wa kwanza, babu, alifariki zamani kidogo na kumwachia kiwanja Madale. Huko ndiko alikokuwa amejenga vyumba viwili na kuhamia, na huko ndiko jirani yake, mstaafu mmoja mwenye heshima zake, alikokuwa amechimba msingi wa ukuta. Kwa hesabu ya bibi, msingi ule ulikuwa umeingia kwake. Bikoni, lile jiwe la mpaka la kona, halikuonekana tena. Jirani alisema halijawahi kuwepo mahali bibi anapopasema. Jumamosi saa nne wangekaa ofisi ya serikali ya mtaa.

Ndani ya bahasha mlikuwa na picha ya karatasi, imeanza kugeuka njano. Babu aliipiga siku ya kwanza waliposhusha mchanga kiwanjani. Bibi amesimama kushoto na kanga mbili, kulia kuna nguzo ya umeme, na pale kwenye kona, hasa pale panapogombewa, limeegeshwa lori la mchanga.

"Bikoni lipo nyuma ya hilo lori," akasema. "Wewe si unaondoaga watu? Liondoe lori tulione."

Ilinipasa niseme palepale. Nilijua, au nilijua nusu. Lakini bibi alikuwa ameketi kwenye kitanda changu, kwa kuwa kiti ni kimoja, anapepea bahasha usoni, na mie nilitaka kumwonyesha kwamba mumewe huyu naye ana kazi.

Nikaiskani picha. Nikachukua brashi ya kwenye programu na kulipaka lori lote, kuanzia kichwa mpaka tairi za nyuma. Nikabonyeza. Feni ikapiga kelele. Lori likatoweka, na mahali pake pakaja ardhi ya mchanga, majani makavu mawili matatu, na jiwe. Jeupe, limechongoka kidogo, limesimama upande wa huku wa nguzo.

Bibi hakupiga kelele. Aliinuka polepole akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Lile pale," akasema. "Rudia, nione kama ni kweli."

Nikafuta, nikabonyeza tena. Jiwe lilelile, pahala palepale, na majani yaleyale mawili matatu. Mara ya tatu vilevile.

"Kitu cha uongo hakiwezi kujirudia hivyo," akasema bibi. "Nichapie."

Nikamchapia, karatasi nzito ya kung'aa. Akaondoka nayo imefunikwa ndani ya kanga kama mkate wa moto.

Usiku ule nililala vizuri. Tatizo lilianza Alhamisi asubuhi, nilipofungua picha ya harusi niliyokuwa nikihangaika nayo tangu wiki iliyopita. Kwenye ile programu kuna kiboksi cha namba. Kwa kawaida namba hubadilika yenyewe kila unapobonyeza. Mie nilikuwa nimeifunga, kwa sababu bi harusi alikipenda kitambaa fulani nilichomtengenezea na nilitaka kitoke kilekile kila nikirudia. Na sikuwa nimeifungua.

Nikaiacha harusi, nikafungua tena picha ya bibi.

Ngoja niseme jinsi kile kitu kinavyofanya kazi, maana wateja wangu wote wanaamini ninafunua pazia. Ukipaka eneo, programu haiendi kutazama nyuma yake. Hakuna nyuma. Picha ni ubapa wa vidoti vya rangi, na vidoti vya jiwe, kama jiwe lilikuwepo, kamera ya babu haikuvipata hata kimoja kwa sababu lori lilikaa mbele. Programu inalichukua lile eneo na kulijaza chenga, kama za televisheni ya zamani iliyopoteza chaneli. Kisha inazisafisha chenga hatua kwa hatua, huku ikichungulia kilichobaki pembeni: rangi ya mchanga, jua limetoka upande gani, ardhi inateremkia wapi. Na kila hatua inajiuliza, kutokana na mapicha mengi mno iliyofundishwa nayo, pahala kama hapa kwa kawaida huwa na nini. Inabahatisha kitu kinachofanana na kweli. Ikianza na chenga nyingine, inaishia kwenye kitu kingine. Ile namba ndiyo inayoamua chenga za mwanzo. Ukiifunga, bila kubadilisha kingine chochote, unapata bahati ileile kila mara. Bibi aliomba ushahidi mara tatu, nami nikampa ubashiri mmoja mara tatu.

Nikaifungua namba. Nikabonyeza.

Ndoo.

Nikabonyeza tena. Kichaka. Tena, tofali mbili. Tena, jiwe, ila dogo na liko upande wa pili wa nguzo. Hapo ndipo nikaona kosa la pili, baya kuliko la kwanza. Lori nililipaka, kivuli chake sikukipaka chote. Kipande cha kivuli kilibaki mchangani, na programu, kila ilipokiona, ilitafuta kitu cha kukibeba. Kivuli bila mwenyewe hakikai, basi ikaleta mwenyewe: jiwe, ndoo, tofali. Nikakipaka na kivuli. Nikabonyeza mara sita. Mara tano ukaja mchanga mtupu, mara moja nyasi.

Nikampigia bibi. Simu yake huwa ndani ya kabati, ndani ya mkoba, ndani ya mfuko wa plastiki, isije ikaingia vumbi. Nikapiga Alhamisi yote. Ijumaa kabla ya sala, baada ya sala. Nilikuwa nikisimama, nakwenda mlangoni, narudi. Nikajiambia bibi ana haki, msingi kweli umeingia kwake, na picha inasaidia haki tu. Nikanywa maji. Nikajiambia hivyohivyo tena, kwa sauti. Haikukaa vizuri mara zote mbili. Kwa sababu ile picha ingeingia kwenye faili, na siku jirani akimpelekea mtu yeyote anayeijua kazi hii, bibi angekuwa ndiye aliyeghushi, kiwanja kingeondoka na jina lake lingeondoka nacho.

Jumamosi nikavaa viatu. Mama alinikuta mlangoni akaniuliza nani kafa.

Mtoni mpaka Madale, kwa mtu wa ndani, ni kama kuhama nchi. Nilifika nimepauka, bahasha kwapani, saa nne na nusu. Ofisi ya mtaa ilikuwa chumba chenye meza na mabenchi mawili. Benchi moja bibi, benchi jingine jirani, nyuma ya meza mwenyekiti, mama mmoja wa makamo mwenye miwani ameipandisha juu ya ushungi. Picha yangu inayong'aa ilikuwa mikononi mwake, na ile ya njano ya bibi mezani.

"Mume wangu," akasema bibi, na uso wake ukafunguka. "Mwenyekiti, huyu ndiye fundi."

"Karibu," akasema mwenyekiti. "Umekuja kututhibitishia?"

Sikuwa na hotuba. Nilifungua bahasha nikapanga karatasi mezani: ndoo, kichaka, tofali, jiwe la ng'ambo ya nguzo, mchanga mtupu. Mwenyekiti akashusha miwani.

"Hizi ni picha za viwanja vingapi?"

"Kimoja. Ni hiyohiyo."

"Sasa ya kweli ni ipi?"

"Hakuna," nikasema. "Ya kweli ni ile yenye lori."

Nikaeleza, kwa kigugumizi, chenga na namba na kivuli. Jirani alicheka taratibu, kicheko cha mtu aliyestaafu vizuri.

"Kwa hiyo kijana, ungebonyeza sana ungetuletea na ngamia."

"Ningeweza, mzee."

Bibi hakunitazama. Alikuwa akiikunja pembe ya kanga na kuikunjua. Nilitamani anitukane.

"Jumatano ulijua?" akauliza mwisho, bila "mume wangu".

"Nusu."

"Nusu," akarudia, kama mtu anayeonja chumvi.

Mwenyekiti alizikusanya picha zote sita akanirudishia, akabaki na ile ya njano. Akasema picha hii inaonyesha kwamba siku hiyo lori liliegeshwa hapo, basi. Kiwanja kimepimwa, ramani ipo, aje mpima na mashine zake asome namba za kona, na mpaka siku hiyo hakuna mtu kuongeza hata tofali. Jirani aliacha kucheka. Alikuwa ameshanunua saruji.

Bibi alinipa chai kwake siku ile, kwa kuwa hawezi kumwacha mtu aondoke na njaa, lakini sukari alijisahaulisha.

Mpima alikuja baada ya wiki mbili na kitu. Sikuwepo, nilikuwa ndani. Bibi alipiga mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kutokea, na nilisikia mfuko wa plastiki ukichakarika kabla ya sauti yake.

"Limepatikana," akasema. "Chini ya lundo la kokoto la huyu bwana. Msingi umeingia kwangu, anaubomoa."

"Alhamdulillah, bibi."

"Ngoja. Unajua liko wapi? Ng'ambo ya nguzo. Nimepiga hatua kutoka lile jiwe lako la kung'aa, pale ulipolichora. Hatua mbili, za kwangu mie mwenye magoti haya. Lingenila hatua mbili, jiwe lako. Ningeshinda kesi nikampa mtu kiwanja."

Nikasema pole.

"Viatu umeshavivua?"

"Zamani."

"Vivae. Kuna chai huku, na leo ina sukari."

Kabla ya kutoka nikainamia kompyuta nikaangalia kiboksi cha namba. Namba haikuwa imefungwa. Nikakiangalia tena nikiwa mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.