Jengo Ambalo Jailos Hakulitia Bei

Kwa kuwa maneno bado yanasemwa Uyole, na wanangu wanayasikia, naona ni haki yangu kueleza jinsi marehemu mume wangu, Jailos, alivyopata kazi ya Iringa. Wasemao hawakuwa mezani kwangu wakati ile karatasi ilipoandikwa. Mimi nilikuwapo, kwa sababu mwandiko ni wangu.

Jailos alikuwa fundi mwashi aliyepanda hadi kuwa nyapara wa ujenzi katika idara ya serikali pale Mbeya. Alikuwa na cheti cha ufundi cha daraja la kwanza, na jina lake lilikuwa katika daftari la mafundi waliofaulu mtihani wa serikali. Alikuwa pia na cheti cha huduma ya kwanza, na kibali cha kupasua miamba kwa baruti alichokipata alipokuwa kwenye machimbo ya mawe karibu na Makongolosi. Maisha yake yalikuwa ya kambini. Nilimwona nyumbani pale mvua zilipofunga barabara, na hata hapo alikaa kama mgeni, hajui ndoo ya maji iko wapi.

Mwaka wa hamsini na saba ikatangazwa nafasi ya msimamizi wa majengo huko Iringa. Ilikuwa nafasi yenye nyumba ya familia. Hilo ndilo lililotugusa. Damari, binti yetu, alikuwa anamwita baba yake "yule bwana wa baiskeli". Jailos akaniambia nafasi hii akiipata, tutakula meza moja kila siku.

Waombaji walitakiwa kuandika kila kazi waliyoifanya: aina yake, thamani yake kwa pauni, na cheo walichokuwa nacho. Tena lazima iwepo kazi moja, isiyopungua pauni elfu mbili, ambayo mwombaji aliisimamia peke yake tangu msingi hadi paa.

Tuliketi tukaandika. Daraja la zege katika barabara ya Chunya, pauni elfu nne, msaidizi. Bweni la shule, pauni elfu tatu, msaidizi. Nyumba za watumishi, makalvati, ghala. Kote huko msaidizi, maana juu yake palikuwa na Mzungu au mkandarasi wa Kihindi aliyetia sahihi. Kazi aliyoisimamia peke yake ilikuwa moja tu, kanisa la usharika wetu.

Kanisa lile alilijenga katika likizo zake na jioni za Jumamosi, kwa miaka. Wanawake walifyatua na kuchoma tofali, wanaume walibeba mawe kutoka mtoni, mama mkwe wangu Tusekile alisomba maji kwa kichwa akiwa mzee. Hakulipwa mtu. Kilichonunuliwa ni saruji, mabati, misumari na vioo, na hivyo vyote pamoja havikufika pauni mia nne.

Liberatus, karani wa ofisini kwao, alikuja kunywa chai akacheka alipoona tumekwama.

"Shemeji, andika elfu mbili na mia tano mnywe chai. Nani atatoka Iringa kuja kuhesabu tofali za Wasafwa wa Uyole?"

Nilimwambia kwamba katika nyumba hii hatuandiki tusichokijua. Jailos akasema kujua kunawezekana: jengo hupimwa, tofali huhesabiwa, kazi ya kibarua hukadiriwa kwa mshahara wa siku. Hivyo ndivyo thamani ya jengo lolote inavyopatikana. Kesho yake alikwenda kanisani na utepe wake, akapima kuta, akaandika.

Mzee wa kanisa Sedekia alimkuta hapo. Jioni hiyo walikuja kwetu yeye na Mchungaji Anania. Mchungaji alikuwa mpole, akauliza tu ile karatasi ni ya nini. Jailos akaeleza kila kitu, hata habari ya meza moja. Akaomba wamwandikie barua ya kuthibitisha makadirio yake.

Sedekia hakukaa kwenye kiti nilichompa.

"Mama yako alipobeba maji yale, ulimwambia ndoo ni senti ngapi?"

"Hapana, mzee."

"Basi leo unataka kumlipa nani? Kile ni sadaka, mwanangu. Imekwisha kutolewa. Ukiitia bei, umeirudisha mkononi mwetu."

Mama mkwe alikuwa jikoni na alisikia. Jailos alimtazama, kisha akawaahidi wazee wale kwamba kazi ya watu hataitia bei. Mimi ningeweza kubisha. Nilisoma, najua makadirio si wizi. Lakini ahadi ilikuwa imetoka kinywani mwa mume wangu mbele ya mama yake. Nikaandika: kanisa, urefu na upana wake, tofali za kuchoma, paa la bati, vifaa vilivyonunuliwa, pauni mia tatu na themanini, kazi ya mikono, sadaka ya usharika, haikuthaminiwa.

Aliitwa Iringa. Aliyoyakuta huko alinisimulia mwenyewe. Mhandisi aliyemhoji alimuuliza baruti isipolipuka anangoja muda gani kabla ya kuisogelea. Akajibu nusu saa au zaidi, na watu wote wabaki nyuma ya bendera nyekundu. Mhandisi akaridhika. Akavitazama vyeti akaridhika. Alipofika kwenye kanisa akaweka kalamu chini. Jengo la vipimo hivi, alisema, haliwezi kugharimu hivi. Ama vipimo ni vya uongo, ama kuta ni udongo mtupu. Jailos akamweleza habari ya sadaka. Yule mtu akaelewa, tena alikuwa mwema, akamsogezea kalamu.

"Kadiria vibarua sasa hivi. Nitaijaza mwenyewe."

Jailos alikuwa na hesabu ile kichwani. Alijua inapita elfu mbili. Akasema aliwaahidi wenye kazi.

Walimpa nafasi ya msaidizi, chini ya kijana aliyekuwa ametoka chuoni. Nafasi hiyo haikuwa na nyumba. Alipanga chumba Kihesa, na mimi nikabaki Uyole na mtoto na mama mkwe. Alinunua sahani moja. Aliniandikia kwamba jioni huko ni ndefu, na kwamba majirani ni watu wazuri ila wanaongea Kihehe, naye huitikia kwa kichwa.

Uyole watu walijua mambo mawili tu: alionekana akipima kanisa kwa utepe, kisha akapata kazi Iringa. Wakayaunganisha. Wakasema Jailos amewauzia Wazungu kanisa kwenye karatasi. Mchungaji Anania aliyejua kweli alikuwa amehamishiwa Tukuyu. Sedekia alijua pia, lakini alinyamaza.

Kanisa lilipowekwa wakfu, Jailos aliomba ruhusa akaja, amevaa koti lake jeusi. Majina ya waliojenga yalisomwa kwa sauti. Lilisomwa la aliyetoa mbuzi, na la mama mkwe. La kwake halikusomwa. Nilitaka kusimama, alinishika mkono chini ya kitambaa cha Damari, akaushika mpaka wimbo ukaisha.

Nje hakuna aliyemzuia wala aliyemkaribisha. Alizunguka ukuta wa mashariki peke yake, akaupitishia kiganja kwenye maungio ya tofali kama mtu anayempapasa ng'ombe. Nilimfuata nikamwambia wataujua ukweli, nitawaambia mimi.

"Usiwaambie, mama Damari," alisema. "Utalazimika kuwatajia ile hesabu, na hapo umeitia sadaka bei."

Basi la Iringa lilipita saa nane. Alipanda akaketi upande wa pili, ule usiotazama kanisa, kwa hiyo sikumwona akipunga mkono.

Hesabu ile sijaitaja hapa pia.