Fedha Aliyoweka Marehemu

Sijawahi kuwa mtu wa kuogopa wafu. Kwetu Ihanja tulilima mpaka kando ya makaburi, na mama alituambia kila siku kwamba wafu hawana shida na mtu, wenye shida ni walio hai. Lakini asubuhi ile, nikiwa karani wa benki Singida mjini, mwili ulinisisimka mbele za watu, na sikuweza kuuzuia.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa. Malori ya watu binafsi yalipita yamejaa alizeti na asali, na hata mwenye kioski alijiita mfanyabiashara. Benki nasi tukaletewa kompyuta. Taarifa za akaunti tulizoandika kwa mkono zikaanza kutoka kwenye mashine, zikiwa na safu mbili za tarehe badala ya moja. Wateja hawakuelezwa chochote. Nililisema hilo kikaoni, nikaambiwa niache mdomo.

Mzee aliyekuja asubuhi ile alikuwa kaka wa mteja wetu mmoja, mnunuzi wa asali na alizeti aliyekufa kwa malaria. Mahakama ilikuwa imemteua kusimamia mirathi, na tulikuwa tumempa taarifa ya akaunti ya marehemu. Aliitaka kwa sababu moja tu: aijue riba yote, aitenge na mali ya watoto, kwa kuwa kwao Waislamu riba hailiwi. Familia ilikuwa imeamua iende kujenga choo cha sokoni. Niliwaunga mkono kimoyomoyo, maana kile choo kilihitaji riba ya mji mzima.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Hakuketi. Aliweka karatasi mezani, akaukandamiza mstari mmoja kwa kidole. "Binti, nisomee hapa."

Nikasoma: fedha taslimu, zimewekwa na mwenyewe.

"Na tarehe?"

Nikasoma ile ya kushoto, ya kwanza kuonekana.

"Siku hiyo," akasema polepole, "tulikuwa tunasoma arobaini yake."

Wenzangu wakaacha kugonga mihuri. Mzee akaendelea, sauti ileile ya chini. Riba nayo ilikuwa pungufu. Alikuwa ameipigia hesabu kwa salio lililoandikwa, na haikufika. Kwa hiyo kuna anayeweka, na kuna anayekula. Mdogo wake hakufa, alisema. Amechukuliwa msukule, anatumikishwa mahali, na anayejua ni mjane.

"Nimemuuliza shemeji, hakatai. Ananyamaza tu. Kesho asubuhi tunafukua. Tukikuta gogo la mgomba mle kaburini badala ya mwili, atasema vizuri."

Nilianza kumweleza palepale. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. Mwisho akasema, kama nina maneno, nikayaseme nyumbani, mjane akiwepo. Meneja akanitazama mimi. Mjane yuko eda, mwanamume wa kando hawezi kuingia alipo, na wanawake pale tawini tulikuwa wawili, mwenzangu mjamzito. Nikachukua faili, nikatoka nimenuna.

Alasiri ya Singida ina upepo unaojulikana. Siku ile ulikuwa unasugua mabati na kupeperusha vumbi jekundu ua mzima, na hakuna mtoto aliyecheza nje. Majembe yalikuwa yameegemezwa ukutani, mapya, yana bei bado. Yalinitia baridi kuliko habari zote za msukule.

Nilikaa kwenye kizingiti cha chumba, pazia nusu. Upande mmoja alikaa mzee, upande wa pili mjane, amejifunika shuka jeupe, uso umeelekea dirishani. Nilimpa pole. Hakugeuka.

Nikaifungua karatasi.

"Baba, tarehe ya kushoto ni siku sisi tulipouandika mstari kwenye vitabu vyetu. Ya kulia inaitwa tarehe ya thamani. Ndiyo siku fedha inapoanza kuhesabika kuwa ya mwenye akaunti, na riba inaanzia hapo."

"Mtu mmoja, tarehe mbili?"

"Fedha moja, tarehe mbili. Marehemu alipotoka Rungwa na mauzo ya asali, hakutaka kutembea na noti njiani. Akaziweka tawi letu la Manyoni. Manyoni wakatutumia karatasi kwa posta, mvua zikakata barabara, ikatufikia ameshazikwa. Tuliiandika siku ilipofika. Lakini tarehe ya thamani tumeirudisha nyuma, hadi siku aliyosimama dirishani Manyoni kwa miguu yake mwenyewe. Ona kulia."

Nikatoa kwenye faili nakala ya hati ya kuwekea fedha, iliyokuja na ile karatasi. Sahihi yake ilikuwepo, na mhuri wa Manyoni. Mzee aliishika, akaifuata sahihi kwa kidole.

"Na riba inayopungua?"

"Hiyo ni cheki. Alileta cheki ya alizeti, ya mnunuzi wa Dar es Salaam. Tuliiandika siku hiyohiyo, salio likapanda kwenye karatasi. Lakini cheki ni ahadi, baba. Mpaka benki ya aliyeiandika ikubali kulipa, ile fedha haijaiva. Haitolewi, wala haizai riba. Angalia tarehe yake ya thamani, iko baada ya siku ya kuandikwa. Wewe umehesabu kuanzia kushoto."

Akaomba kalamu. Alipiga hesabu upya nyuma ya bahasha, akifuata safu ya kulia, midomo ikicheza. Upepo ukagonga dirisha, na nikamwona mjane ameshtuka, ameshika shuka kifuani. Mzee akamaliza, akalinganisha na mstari wa riba, akaitia bahasha mfukoni.

"Imekaa," akasema. Akatoka. Nikasikia majembe yakikokotwa kurudishwa stoo.

Nilidhani kazi imekwisha, nikaanza kukunja karatasi. Ndipo mjane aliposema, bado hajageuka:

"Ni wewe uliyekuwa dirishani kule benki. Sauti nimeijua."

"Lini, dada?"

"Alipokuja kutoa fedha, homa imeshampanda. Nilimshika mkono. Ulimwambia hakuna ya kutoa."

Nikawakumbuka. Cheki ilikuwa haijaiva, na ya Manyoni ilikuwa haijafika. Nilisema alichotakiwa karani kusema, na ilikuwa kweli.

"Aliniapia, nimeziweka Manyoni, wallahi. Nikamwambia umezipeleka kwa mwanamke wako wa Rungwa, usimtaje Mungu. Sikumsemesha tena. Alikufa hatusemezani, mdogo wangu, na maji nilikuwa nampa kwa mkono wa mtoto."

Nilitamani kuondoka.

"Shemeji aliposema marehemu ameweka fedha, mimi niliamini. Nilijua amerudi kunionyesha. Kila alasiri anakuja hapo dirishani, anagonga, anasema Manyoni, Manyoni. Wafukue, nilisema moyoni, atoke aniambie usoni."

Akageuka. Alikuwa mdogo kuliko nilivyomkumbuka, pengine rika langu. Akaomba nimsomee tarehe ya kulia. Nikaisoma. Akaomba tena, nikaisoma tena, naye akahesabu kwa vidole kutoka siku hiyo mpaka siku ile ya dirishani kwangu. Fedha ilikuwa imetangulia. Alilia bila sauti, na mimi pia, na sioni haya kusema.

Nilipokuwa navaa viatu aliniita.

"Na yeye alijua? Kwamba itafika, na kwamba nitaiona?"

Upepo ulikuwa umetulia ghafla, kama unavyofanya kule jua likikaribia kuzama, na nyumba nzima ikawa kimya. Nikamjibu kwamba alijua. Hilo halikuwa kwenye karatasi, kushoto wala kulia.