Kitelezi Kilichoguswa Mara Arobaini na Moja

Ofisini wanamwita Shangazi, hata Mkuu aliyemzidi umri. Ana miaka hamsini na mbili, miwani yake ina kamba, na kazi yake ni kuwatazama watu wengine wakishika simu.

Kabla ya hapo alikaa miaka kumi na tisa mbele ya mashine ya kusafisha picha, akipima mwanga na rangi ya harusi za watu. Duka lilipofungwa, kampuni hii ndogo yenye vijana wengi, iliyo juu ya duka la vifaa vya ujenzi, ilimchukua kwa majaribio ya miezi mitatu. Inatengeneza programu ya kuhariri video kwenye simu kwa watu wasiojua lolote. Siku ninayoisimulia, miezi mitatu ilikuwa inaisha, na saa kumi jioni mpangilio wa vitelezi ulikuwa unafungwa, kwa sababu kesho yake video za mafunzo zingerekodiwa.

Vitelezi ni vinne, unavisukuma kwa kidole kushoto au kulia: Mwanga, Utofauti wa giza na nuru, Joto linalovuta rangi kati ya buluu na chungwa, na Tinti inayoivuta kati ya kijani na zambarau. Swali lilikuwa moja: kipi kikae juu?

"Joto," alisema Injinia, akigeuza kompyuta ili wote waone. "Katika jaribio la wiki jana limeguswa mara arobaini na moja. Mwanga kumi na tisa, Utofauti kumi na sita, Tinti tisa. Watu wamekwisha kupiga kura, Shangazi."

"Watu hao uliwaona vidole, au uliona hesabu tu?"

"Hesabu haisemi uongo."

"Haisemi chochote, mwanangu. Wewe ndiye unayeisemea."

Mkuu alicheka, akatazama saa. Ilikuwa saa tisa na dakika tano. "Shangazi, una mtu mmoja wa kujaribu. Nionyeshe kitu, la sivyo Joto linabaki juu."

Mtu huyo alikuwa fundi cherehani, mama mnene mcheshi, aliyekuja na gauni la rangi ya maziwa kwenye mfuko. Alikuwa amelipiga video dukani kwake, chini ya taa ya mrija, na kwenye simu lilionekana jeusijeusi, baridi, lenye ukijani.

Akaanza na Joto, kwa sababu ndilo lililokuwa juu. Alilisukuma mpaka akaridhika. Akaongeza Mwanga, gauni likajitokeza lote, na chungwa nalo likajitokeza.

"Mungu wangu, limekuwa papai!"

Akarudi kwenye Joto, akapunguza. Akagusa Utofauti, rangi ikakolea upya. Akarudi kwenye Joto. Aliposogeza Tinti kuondoa ukijani, kitambaa kikaonekana cha moto kuliko alivyotaka. Akarudi tena.

Shangazi alikuwa akihesabu. Alikuwa amenyoosha vidole vinne.

"Mara nne," alisema hatimaye. "Hapendi Joto. Analikarabati. Mtu akienda chooni mara kumi kwa siku, mwanangu, utaandika kwamba anakipenda choo?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Injinia peke yake hakucheka. Alikuwa ameivuta kompyuta, anafungua rekodi za wiki jana. Akatazama ya kwanza, ya pili, ya tatu. Joto, Mwanga, Joto. Joto, Utofauti, Joto.

"Wanarudi," alisema, na sauti yake ilikuwa imepanda. "Wote watatu wanarudi!"

"Rangi huwezi kuihukumu gizani. Kwanza mwanga, kisha utofauti, maana nao unakoleza rangi. Ndipo joto. Tinti ni ya mwisho, ya kufuta kilichobaki."

"Lakini wanaoanza wengi hugusa cha kwanza tu, kisha huacha."

"Basi wakiguse kile kinachoponya. Video zao nyingi zina giza."

Saa tisa na dakika arobaini. Kuhamisha mistari minne ya programu kulimchukua Injinia dakika sita, na zote sita alikuwa amesimama. Fundi cherehani akapewa tena video ile ile, ikiwa haijaguswa. Mwanga. Utofauti. Joto. Tinti kidogo sana. Joto tena, unywele mmoja tu. Kisha kidole kikatulia.

Alilitoa gauni mfukoni, akalining'iniza kando ya simu, karibu na dirisha.

"Ni lenyewe! Jamani, ni lenyewe kabisa!"

"Alijua vitelezi tayari," Injinia alisema, kwa haki. "Ni mara yake ya pili."

"Kweli. Kesho niletee watu kumi ambao hawajaviona."

"Kesho mpangilio utakuwa umefungwa."

Mkuu alikuwa anatazama gauni na simu, simu na gauni. "Ufungwe hivi," alisema. "Na hao kumi waje, kama kuna kosa tulijue mapema. Shangazi, kesho saa mbili."

"Nitakuja saa moja," alisema Shangazi, akiivua miwani na kuifuta kwa ncha ya blauzi. "Saa mbili jua linapiga dirisha hilo, hakuna atakayeona rangi."