Pindo la Sketi

Dada yangu alipofariki, nilimchukua binti yake nikakaa naye Rhotia. Alipoanza darasa la kwanza nilimnunulia sketi kubwa makusudi, nikakunja pindo pana, nikijua atakua. Akafika darasa la tatu pindo halijaguswa. Majirani walisema ni mfupi tu wa kuzaliwa. Nilichoka kuwasikia.

Kliniki ya Karatu walimpima damu wakakuta ana virusi vya Ukimwi, alivyopata kwa mama yake. Wakamwanzishia dawa, asubuhi na jioni, kila siku.

Mashavu yakajaa, lakini urefu ulikuwa palepale. Nikamfokea muuguzi: dawa gani hizi?

"Mama, uzito hutangulia," akasema. "Kimo kitafuata."

Nilichoka na foleni, na vumbi la njiani, na mtoto anayelia kwa uchungu wa dawa.

Mwaka uliofuata mwalimu alimrudisha nyumbani kwa sababu sketi imepanda juu ya magoti. Nikashika wembe, nikafumua pindo. Sketi yote ilikuwa imepauka, ila chini ukatokea mkanda wa buluu mpya kabisa. Kesho yake wenzake walimcheka.

Nikamwambia waache wacheke, na huo mkanda usiufiche.