Mbao za Tarehe Nane

Mume wangu alikuwa fundi kwenye karakana moja ya useremala hapa Ifakara. Alipofariki, mwishoni mwa miaka ya tisini, walinipa kazi ofisini kwao. Wafadhili walikuwa wameleta kompyuta na skana, na mtaalamu kijana kutoka Dar es Salaam alikuja kuvijaribu kwa ankara za zamani za karakana. Skana inapiga picha ya ankara, kompyuta inageuza picha kuwa maandishi, kisha inachomoa vitu vinne: jina la muuzaji, tarehe, orodha ya vitu, na jumla.

Mimi nilikuwa na darasa la saba na kalamu nyekundu. Nililinganisha karatasi na kioo cha kompyuta: sawa, tiki; si sawa, mkasi, yaani alama ya X.

Mikasi ilijaa. Muhuri uliopigwa juu ya jina ulimfanya muuzaji wa misumari aitwe ###B%. Ankara za kuandikwa kwa mkono zilitoka kama mtu amekanyaga vitufe kwa miguu. Mbu aliyepondwa kwenye karatasi alisomwa kuwa nukta, na kilo 25 za misumari zikawa 2.5.

"Mbu naye ana mshahara hapa?" mzee wa stoo aliuliza.

Siku ya tatu, ankara moja ilisomwa bila kosa. Ilikuwa imepigwa taipu safi na kiwanda cha mbao upande wa Mlimba. Jina sawa. Orodha sawa: mbao sita za mninga, vanishi, vishikio vinne. Nilizidisha, nikajumlisha; jumla sawa. Tarehe: nane.

Mume wangu alifariki tarehe kumi na moja ya mwezi uleule. Zile zilikuwa mbao za jeneza lake, ambazo karakana ilizinunua baada ya kifo.

Nilitazama karatasi. Karatasi nayo ilisema nane.

"Shikamoo mama, mbona umesimama?" kijana aliuliza.

"Marahaba. Tarehe hii ni ya uongo."

"Mashine imekosea?"

"Hapana. Imesoma kilichoandikwa."

"Basi tia tiki, mama. Tunapima mashine, hatupimi kiwanda."

Mzee wa stoo alichungulia. "Kumbe fundi alinunua mbao mapema, akajichongea mwenyewe! Ndiyo maana vile vishikio vilikaa sawa." Kisha akaona uso wangu. "Nisamehe, mama."

Nilikaa na kalamu hadi chai ikapoa. Kutia mkasi kungekuwa kuisingizia mashine. Kutia tiki kulikuwa kama kumzika mtu akiwa hai. Mwishowe nilitia tiki nne, nikamwambia kijana sitoki hapo mpaka aniongezee safu ya maelezo.

Akaiongeza. Nikaandika: "Siku hiyo alikuwa hai. Alikula wali na samaki, akaongeza."

Wafadhili walipokuja, kijana aliwaonyesha ankara ile, kwa kuwa ndiyo pekee iliyotoka safi. Mmoja wao aliuliza kama mashine ndiyo iliyojua habari za samaki.

"Hapana," nilisema. "Hizo ni zangu."